Mjomba Afungiwa Nje ya Daftari

Mjomba wangu wa Kibwezi alifundisha hesabu darasa la saba kwa miaka mingi, na hadi leo hakuna mtu Makueni nzima anayethubutu kumsahihisha mbele ya watu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nilipewa kibarua cha aina gani.

Kwa muda mrefu Mjomba alikuwa adui wa hisa. Mwaka 2008, majirani walipopanga foleni kuomba hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, yeye alisimama kando akicheka. Mwaka uliofuata bei ilipoanguka chini ya shilingi 3, alicheka zaidi, akawa anapita nyumba hadi nyumba kuwapa watu pole ambayo hawakuiomba. Kisha akastaafu. Mzee aliyestaafu hukosa wa kumwandikia ripoti, na hapo ndipo mawazo mageni humwingia. Julai 2024, baada ya kuuza ndengu kwa bei nzuri, akanunua hisa 1,000 za kampuni ileile aliyoicheka. Hakuniambia. Kwa wazee wetu, taarifa ya biashara hufika pamoja na kilio chake.

Kilio kilifika Jumapili ya kwanza ya Septemba.

“Mjomba,” akaniita kwa simu, maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana jina hilo hilo, “nataka uniambie pesa yangu iko wapi.”

Nikamuuliza pesa gani. Akasema gawio. Kampuni ilitangaza gawio la senti 65 kwa kila hisa, yeye ana hisa 1,000, na senti 65 mara 1,000 ni shilingi 650. Agosti imekwisha. Simu yake ameiweka mfukoni mwa shati kuanzia alfajiri ya Ijumaa ili asikie ujumbe wa M-Pesa ukiingia, na ujumbe pekee ulioingia ni wa mtu asiyemjua aliyedai amemtumia pesa kimakosa na anaomba arudishiwe. Nilimwambia hilo angalau amelikwepa vizuri. Hakucheka.

Mimi niko Kitui mjini, ila zamani nilifanya ukarani katika ofisi ya wakala wa hisa Nairobi. Katika ukoo, historia hiyo hunifanya niwe mwakilishi wa soko zima. Ikawa sina budi kufunga safari: Mutomo, Ikutha, kuvuka Mto Athi, kisha Kibwezi, huku nikipanga moyoni namna ya kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba shilingi zake 650 hazikupotea kwa sababu hazikuwahi kuwa zake.

Nilimkuta chini ya mwembe, tangazo la gazeti limebandikwa juu ya kipande cha kadibodi na kupigwa mistari ya wino mwekundu. Mkewe, ambaye mimi humwita Mwaitu kwa heshima, alikuwa pembeni akipepeta ndengu kwenye uteo na kujifanya hasikilizi.

Tangazo lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kwa maana yake lilisema hivi: bodi ya wakurugenzi inapendekeza gawio la mwisho la shilingi 0.65 kwa kila hisa ya kawaida, kwa mwaka wa fedha uliomalizika tarehe 31 Machi 2024. Wanahisa wakiliidhinisha kwenye mkutano wao mkuu, litalipwa tarehe 31 Agosti 2024 au karibu na hapo, baada ya kodi ya zuio kukatwa inapohusika, na watakaolipwa ni wale ambao majina yao yatakuwa katika rejista ya wanahisa kazi itakapofungwa tarehe 31 Julai 2024.

Mjomba alikuwa amepiga mistari mitatu chini ya 31 Julai.

“Mimi nilinunua tarehe 29, Jumatatu asubuhi,” akasema. “Ishirini na tisa iko kabla ya thelathini na moja. Kama mtaala umebadilishwa, nijulishwe.”

Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika neno kununua. Mjomba alidhani ukinunua hisa Jumatatu, unakuwa mwenye hisa Jumatatu, jinsi ukinunua debe la ndengu unavyoondoka nalo. Katika Soko la Hisa la Nairobi mambo huenda polepole kidogo. Siku ambayo agizo lako limekutana na agizo la muuzaji na bei ikakubaliwa, biashara imefanyika, lakini hisa hazijahama wala pesa hazijamfikia aliyeuza. Kuhama kwenyewe, kutoka akaunti ya CDS ya muuzaji kwenda akaunti ya CDS yako, hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya biashara. Nasema siku ya kazi. Jumamosi haimo, Jumapili haimo, na sikukuu ya taifa haimo.

Nilichukua kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani nikamwekea mezani. Amenunua Jumatatu tarehe 29. Jumanne tarehe 30 ni siku ya kwanza. Jumatano tarehe 31 ni ya pili. Alhamisi tarehe 1 Agosti ni ya tatu, na hapo ndipo hisa zake 1,000 ziliingia kwenye akaunti yake. Daftari la wanahisa lilikuwa limefungwa jana yake jioni, na katika daftari hilo mwenye hisa zile 1,000 alikuwa bado ni yule aliyemuuzia.

Alikosa kwa siku moja. Aliitazama kalenda ile kama mtu anayetazama mtihani uliosahihishwa na mwalimu mwingine.

“Sasa ni siku gani ndiyo ilikuwa ya mwisho?”

Hapo mtu huchukua tarehe iliyotajwa kwenye tangazo na kuhesabu siku tatu za kazi kurudi nyuma. Kutoka Jumatano tarehe 31: Jumanne tarehe 30 ni moja, Jumatatu tarehe 29 ni mbili, Ijumaa tarehe 26 ni tatu. Aliyenunua Ijumaa tarehe 26 Julai alifika kwenye daftari Jumatano ileile, siku ya kufungwa. Kuanzia Jumatatu tarehe 29, kila aliyenunua alinunua hisa bila gawio.

“Ijumaa nilikuwa na pesa,” akasema polepole. “Zilikuwa kwenye simu. Nikasema haraka ya nini, tarehe ni 31, na Jumamosi nina harusi Ikutha.”

Mwaitu aliacha kupepeta. “Na ulicheza sana,” akasema.

Hili la hisa bila gawio ndilo kiini cha matatizo yote ya mwanahisa mgeni, na kinachochosha ni kwamba tangazo la kampuni kwa kawaida halilitaji. Kampuni hutaja siku ya kufunga daftari, basi. Kazi ya kampuni ni kusema itamlipa nani. Siku za biashara ni shauri la soko, na hesabu ya kurudi nyuma anaachiwa msomaji. Soko lenyewe huweka alama. Ukitazama orodha ya bei, karibu na jina la hisa utaona mara nyingi herufi CD wakati mnunuzi bado anapata gawio, na siku mlango ukifungwa zinageuka kuwa XD. Mjomba alikuwa ameziona herufi hizo. Alidhani ni daraja la kampuni, akafurahi kwamba X iko juu kabisa, kama tabaka la heshima kwenye treni.

Wakala aliyepokea agizo lake Jumatatu ile angeweza kumwambia. Hakumwambia, na sheria haimlazimishi kumuuliza kila mteja kama ananunua kwa ajili ya gawio. Maoni yangu, kwa mtu aliyewahi kukaa upande ule wa dirisha, ni kwamba karani mwenye huruma hutaja. Ila makarani wenye huruma hawako zamu kila Jumatatu, kwa hiyo mnunuzi aulize mwenyewe, kwa maneno haya haya: nikinunua leo, napata gawio lililotangazwa au sipati?

Hapo Mjomba alihama kutoka huzuni akaingia hasira. Kama yeye hakulipwa, na hisa 1,000 zipo, basi kuna mtu aliyelipwa. Nikakubali: aliyemuuzia. Mtu yule aliuza Jumatatu, akachukua bei ya hisa, kisha mwisho wa Agosti akapokea na gawio.

“Huyo mtu ni mwizi! Anaitwa nani?”

Nikamweleza kwamba kwenye soko la hisa muuzaji na mnunuzi hawaonani. Mashine hulinganisha maagizo kwa bei na kwa saa, na pengine hisa zake 1,000 zimetoka kwa watu watano tofauti, mmoja Mombasa, mmoja Eldoret, mwingine mfuko wa pensheni. Mjomba alitaka tuandike barua kwa wote watano.

Nilimwomba afikirie shamba la maembe. Mtu akikuuzia shamba Wote mwezi wa Julai, maembe ya msimu uliopita yameshavunwa na kuuzwa. Utamdai pesa ya maembe yale? Humdai, lakini pia hukubali kumlipa bei ambayo angeidai Novemba, miti ikiwa imeinama kwa matunda. Na hisa ni hivyo. Siku mlango wa gawio unapofungwa, bei huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwa sababu anayenunua anajua senti zile 65 hazimo tena. Nasema huelekea. Siku hiyo hiyo huenda kukawa na habari nyingine inayopandisha au kushusha bei, na ndani ya misukosuko hiyo senti 65 zisionekane kabisa. Lakini kwa kanuni, aliyeuza Jumatatu ameuza kwa bei pungufu akabaki na gawio, na aliyeuza Ijumaa ameuza kwa bei kamili akakosa gawio. Hakuna aliyeibiwa.

Mwaitu, ambaye kwa miaka yote hiyo ameuza ndengu akiwa na kipimo chake mkononi, alielewa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mjomba aliomba nirudie.

Kisha akaja na lile ambalo kila mwanahisa mpya huja nalo, na kila mmoja hudhani amelivumbua yeye. “Basi mwaka ujao,” akasema, akishusha sauti kana kwamba kuku wangeenda kumsengenya, “nanunua Ijumaa, nalala mwenye hisa, Jumatatu nauza. Gawio langu, na pesa yangu imerudi.”

Nikachukua kalamu yake nyekundu. Tuseme bei ya hisa ni shilingi 15, hesabu iwe nyepesi. Hisa 1,000 ni shilingi 15,000. Kununua kuna ada: ya wakala, ya soko, ya mamlaka ya masoko ya mitaji na nyinginezo, na zote pamoja ni kama asilimia 2. Hiyo ni shilingi 300. Kuuza nako kuna ada zile zile, shilingi 300 nyingine. Jumla 600. Gawio ni shilingi 650, serikali inachukua asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani shilingi 32.50, kinabaki 617.50. Toa 600.

“Shilingi 17.50,” akasema mwalimu wa hesabu.

Hapo bei haijashuka. Ikishuka Jumatatu kwa senti 65 zilezile, hisa 1,000 zimepungua thamani kwa shilingi 650, na ujanja wote umemwachia hasara ya shilingi 632.50. Mjomba alifuta ubao. Alikuwa hana ubao, lakini alipitisha kiganja hewani.

Mwaitu alileta muthokoi, na katikati ya kula tukafika kwenye yale mengine aliyoyapigia mistari. Kwenye orodha ya bei, jina la kampuni lilifuatwa na tarakimu 0.05. Mjomba aliamini ni bei halisi ya hisa, senti 5, na kwamba mtu katikati amempandishia kutoka senti 5 hadi shilingi kumi na kitu, faida ambayo hata walanguzi wa maembe wa Emali wangeionea haya. Hiyo 0.05 ni thamani ya jina tu, iliyoandikwa kwenye hati za kuunda mtaji wa kampuni. Haihusiani na bei ya sokoni, na gawio halipigiwi hesabu kwayo. Niliwahi kukutana na mtu aliyesoma kinyume chake, akaona senti 65 juu ya hisa ya senti 5, akaamini kampuni inalipa mara kumi na tatu ya mtaji, akataka kukopa. Mjomba alimcheka sana mtu huyo, kwa sauti ya mtu aliyepata ahueni.

Lililomsumbua zaidi lilikuwa bilioni. Redio ilitangaza kwamba gawio lile la mwisho lilikuwa shilingi bilioni 26.04. Mtu akisikia bilioni 26, kisha akaambiwa fungu lake lingekuwa shilingi 650 kabla ya kodi, lazima amtafute mwizi. Lakini hisa za Safaricom ni zaidi kidogo ya bilioni 40. Zidisha senti 65 kwa hizo, utapata bilioni 26 na ushei. Mwaka huo Serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 35 ya hisa zote, na Vodafone Kenya asilimia 40, kwa hiyo robo tatu ya pesa zile zilishajua njia ya kwenda kabla Mjomba hajafungua mdomo. Aliipiga hesabu ile kwa mkono, mstari kwa mstari, akafika penyewe, akatulia. Nimejifunza kwamba Mjomba hakubali kudhulumiwa na chochote isipokuwa hesabu. Hesabu ikimwambia jambo, anaamini.

Kuhusu kodi ya zuio alikuwa na swali zuri. Tangazo linasema itakatwa inapohusika. Je, yeye inamhusu? Inamhusu. Mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya gawio kabla halijamfikia, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho juu ya pesa hizo, hadaiwi tena. Asiye mkazi hukatwa asilimia 15. Mjomba akamkumbuka mwanawe aliye Doha, akaamua papo hapo kwamba hisa za familia zibaki kwa jina la mtu wa Kibwezi. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona anafikiri kama mwanahisa.

Nililala kwao. Asubuhi, kabla sijapanda gari, aliniuliza kama aziuze hisa zake. Nikamwambia kukosa gawio moja hakumfukuzi kwenye daftari. Amefika tarehe 1 Agosti, na akikaa hapo, gawio linalofuata litamkuta ndani. Anayekaa hana haja ya kuhesabu siku za kurudi nyuma. Hesabu ile ni ya anayeingia na anayetoka.

Akakaa. Kabla Machi 2025 haijafika, kampuni ikatangaza gawio la muda la senti 55 kwa kila hisa. Gawio la muda hutolewa kabla mwaka wa fedha haujafungwa, na halingoji mkutano mkuu. Bodi ikiliamua, limeamuliwa. La mwisho ndilo hupelekwa mbele ya wanahisa kuidhinishwa, na ndiyo maana tangazo lake husema inapendekeza. Mjomba alinipigia kunisomea tofauti hiyo kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Shilingi 550, toa 27.50 ya kodi, ikabaki 522.50. Ujumbe ulipoingia aliuonyesha kwa chifu, kwa katekista na kwa kijana wa bodaboda. Nasikia alinunua nyama kilo moja na chenji yake ikawa haba.

Balaa likaja kutoka upande ambao sikuutarajia. Mjomba amekuwa mhubiri. Kwenye chama chao kule Wote, ambacho wanachama wake walikuwa wamechangisha pesa kununua hisa kwa pamoja, alisimama Mei 2025, tangazo jipya lilipotoka, akawafundisha. Gawio la mwisho tena ni senti 65, daftari linafungwa tena tarehe 31 Julai, malipo tena ni 31 Agosti au karibu na hapo. Akawaambia kwa sauti ya darasa la saba: “Mwisho wa kununua ni Ijumaa. Andikeni. Ijumaa!”

Wakaandika Ijumaa.

Katibu wa chama, mwanamke makini anayefanya kazi ya uhasibu, alinipigia kuthibitisha. Mwaka 2024 tarehe 31 Julai ilikuwa Jumatano, kwa hiyo siku tatu za kazi kurudi nyuma zilivuka wikendi zikatua Ijumaa. Mwaka 2025 tarehe hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatano tarehe 30 ni moja, Jumanne tarehe 29 ni mbili, Jumatatu tarehe 28 ni tatu. Mlango ulikuwa wazi hadi Jumatatu. Kwa bahati, waliomtii Mjomba wakanunua Ijumaa tarehe 25 hawakupoteza kitu, walifika mapema tu. Lakini fikiria mwaka ambao daftari linafungwa Jumatatu: siku tatu za kazi kurudi nyuma zinaangukia Jumatano ya wiki iliyotangulia, na chama kizima kikingoja Ijumaa ya Mjomba kitapigwa na mlango usoni. Katikati pakiwa na sikukuu ya taifa, rudi nyuma siku moja zaidi. Nilimwomba katibu awaeleze wenzake kwa upole, bila kutaja jina la mwalimu. Akasema haiwezekani, mwalimu mwenyewe amekaa hapo mbele.

Jambo moja bado linaninyima usingizi, nalo halihusu Mjomba. Wale majirani aliowacheka mwaka 2008, wengi wao hawajawahi kuuza. Walijaza fomu wakiwa na anwani za posta za shule walizofundisha, au za kampuni zilizokwisha kufungwa, na namba za simu walizokwisha kuzitupa. Gawio hutangazwa, jina lao liko kwenye daftari siku ya kufunga, lakini hundi za miaka ya mwanzo zilitumwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mwalimu mkuu wa tatu tangu wao waondoke. Wengine wamefariki, na watoto hawajui kama kuna hisa. Magawio yasiyodaiwa kwa miaka mitatu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyotokana na sheria ya mwaka 2011, na yanakaa huko yakimngoja mwenyewe au warithi wake.

Kwa hiyo, msomaji wa Kitui au Makueni, kama baba au mama yako alipanga foleni mwaka ule wa 2008, tafuta ile fomu kabatini, chukua kitambulisho chake, uende kwa wakala wa hisa au kwa msajili wa hisa za kampuni ukaulize mambo mawili: jina liko kwenye daftari, na pesa zinatumwa wapi. Badilisha anwani, andikisha namba ya simu au akaunti ya benki inayotumika. Na kama mhusika amefariki, anza na cheti cha kifo na karatasi za mirathi, kwa sababu bila hizo hakuna atakayekufungulia daftari.